Mistari Kumi ya Bwana Shauri

Bwana Shauri mdogo, Mwingereza wa kuamua mashauri bomani, aliyeletwa Kisarawe mara baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alikuja na Kiswahili cha kuwaamuru wapagazi, na wapagazi wenyewe walikuwa wanamhurumia. Alijua kusema lete, toa, upesi na bado. Kwa maneno hayo alikuwa anakula, anasafiri na kuhukumu watu. Serikali yake, ambayo haikuwa na aibu nyingi lakini ilikuwa na utaratibu, ilimwambia kwamba asipofaulu mtihani wa Kiswahili Dar es Salaam hatathibitishwa kazini. Ikabidi atafutiwe mwalimu, na mwalimu huyo nikawa mimi.

Wakati huo nilikuwa nafundisha shule ndogo upande wa Kibaha, shule ambayo mvua ikinyesha tulikuwa tunahamisha watoto kutoka pembe hii kwenda ile, tukifuata mahali ambapo makuti bado yapo. Nilikuwa na cheti cha chini kabisa cha ualimu na tamaa ya cheti cha juu. Nilikuwa nimekwisha kuomba nafasi ya kwenda chuo, na barua zangu zilikwenda zikapotelea hukohuko. Bwana Shauri alipoambiwa habari hiyo aliniahidi, kupitia karani wake, kwamba siku atakapofaulu mtihani ataniandikia yeye mwenyewe kwa wakubwa wa elimu. Nilipanda baiskeli nikahamia Kisarawe wiki hiyohiyo. Sina haja ya kujipamba, sikwenda kwa mapenzi ya lugha. Nilikwenda kwa sababu ya chuo.

Nilimpa zoezi moja tu, la kila siku. Jioni saa kumi, kazi ya boma ikiisha, aandike mistari kumi kuhusu mambo aliyoyafanya siku ile, bila kufungua kitabu, bila kuuliza mtu. Akimaliza, aondoke na asirudi kutazama. Kesho yake asubuhi, kabla hajaingia kwenye mashauri, asome ile mistari kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine asiyempenda, na kila mahali anapopatilia shaka apige mstari kwa chaki nyekundu na asahihishe mwenyewe. Siku ileile jicho haliyaoni maandishi, linaona kile ulichokusudia kuandika. Ukilala ukaamka, nia imeshasahaulika na kosa limebaki peke yake. Akishamaliza yeye, ndipo nije mimi, na hata mimi nisimwambie kosa ni lipi. Nitie nukta tu pembeni ya mstari wenye kasoro, arudi autafute. Akishindwa kabisa, hapo namwambia.

Nilimkataza kuandika kwenye daftari, maana daftari angelitia kwenye mtoto wa meza na kusema limeliwa na mchwa. Niliomba ubao mweusi uliokuwa ukibandikwa matangazo ya kodi, tukauegemeza ukutani kwenye baraza ya boma, palepale watu wenye mashauri wanapokaa wakingojea kuitwa. Nilifikiri aibu itamsaidia kujifunza. Kila mtu ana siku yake ya kufikiri vibaya.

Kazi ya kumkumbusha tulimpa tarishi, mzee mmoja aliyekuwa askari zamani, mrefu, mkavu, asiyejua kusoma wala kucheka. Saa kumi alikuwa anagonga kipande cha reli kilichotundikwa mbele ya boma, kisha anakwenda kusimama mbele ya meza ya Bwana na kusema, "Bwana, ubao." Hakuongeza neno. Bwana alijaribu kila hila. Alisema ana mafua, alisema jua kali, siku moja alijifanya amesinzia. Tarishi alibaki amesimama, na kila baada ya muda akasema tena vilevile, "Bwana, ubao," mpaka Bwana akainuka.

Mistari ya mwanzo bado naikumbuka. "Leo mimi kula yai. Yai hii iko baya. Mimi sema mpishi wewe mbaya kama yai." Asubuhi alisimama mbele ya ubao na chaki yake nyekundu, akaukodolea macho, akajikuna shingo, akasahihisha neno moja ambalo halikuwa na kosa. Nikaja nikatia nukta pembeni ya kila mstari, mpaka ubao ukawa kama umeugua surua. Uso wake ukaiva. Halafu akaingia kusikiliza mashauri na ule uso wake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na mimi sikuona. Mzee aliyeshtakiwa kwa mbuzi wake kula mihogo ya jirani alitozwa faini ambayo ingemnunua mbuzi mwenyewe na kamba yake. Mwingine alifukuzwa kwa kukohoa. Watu wa barazani si wajinga. Baada ya siku chache walishajua kwamba hukumu za Kisarawe hazitoki kwenye kitabu cha sheria, zinatoka kwenye ubao.

Kisha, ghafla, Bwana akaanza kufaulu. Nilifika asubuhi moja nikakuta mistari kumi haina dosari. Kesho yake hivyohivyo. Bwana alisoma, chaki nyekundu mkononi, akatafuta kosa, asilione, akacheka, akaingia ndani na kumwachia huru mtu aliyekuwa amekwisha kukiri. Mimi nilitembea Kisarawe nzima kama baba wa bwana harusi. Nilianza hata kuuliza bei ya sanduku la bati la kwendea chuoni.

Kilichonitia wasiwasi ni kinywa chake. Mtu mwenye ubao mzuri namna ile, nikimwuliza ameamkaje, alikuwa ananijibu, "Mimi amka mzuri, Mwalimu. Leo ubao yangu hapana kosa." Nikajiuliza mkono huu umejifunza wapi, na mdomo ulikuwa wapi siku hiyo. Asubuhi iliyofuata niliwahi.

Nilimkuta karani wa boma amepiga magoti mbele ya ubao, chaki mkononi na tambara begani, ncha ya ulimi nje, anaigiza mwandiko wa Bwana. Karani huyu alikuwa mtu wa ukoo wa zamani wa hapo Kisarawe, mwenye kanzu safi na adabu ya kuchosha. Nyuma yake wamekaa watu wenye mashauri, baraza kamili, wanamsaidia. Bibi mmoja wa kijiji cha Vihingo, aliyekuwa anagombea shamba la mikorosho na shemeji yake tangu mumewe afe, ndiye aliyeongoza.

"Hapo usiweke hivyo, mwanangu," alikuwa anasema. "Mtu mzima hasemi mpishi ni mbaya. Sema mpishi hakujaliwa."

Karani akafuta, akaandika. Bwana alikuwa amerudia habari ya yai, na hata hilo walikuwa wamelitengeneza, sasa lilikuwa yai zuri na Bwana amemshukuru Mungu kwa ajili yake.

Nikauliza wanafanya nini. Karani aliinuka, akajipangusa magoti, akanisalimu kwanza, akaniuliza habari za nyumbani, za shule, za baiskeli. Halafu akasema, "Mwalimu, akija mgeni kwako na kanzu yake imechanika mgongoni, utamnyooshea kidole mbele za watu?"

"Nitamwambia pembeni."

"Basi na sisi tumemshonea pembeni. Amelala, tumeshona, ameamka amevaa. Kosa letu liko wapi?"

"Kosa lenu ni kwamba hatajua kamwe kwamba imechanika. Atakwenda Dar es Salaam, huko hakuna wa kumshonea. Ataanguka mtihani."

"Akianguka wataleta mwingine," karani alisema kwa upole. "Hawaishi, hawa."

"Na mimi chuo changu?"

Hapo walinipa pole kwa heshima, kama watu waliotajiwa msiba. Bibi wa Vihingo alinitazama, akasema, "Baba, chuo ni jambo jema, na Mungu akujalie. Lakini shauri langu ni wiki hii. Mimi nataka aamke amefurahi."

Wote wakasema ni kweli, Mwalimu amesema kweli, Mwalimu asidharauliwe. Kesho yake wakasahihisha tena. Nilikasirika sana. Mtu akikubishia unaweza kumshinda, lakini hawa walikuwa wanakubali kila neno langu na kuendelea na kazi yao.

Nikaenda kwa tarishi. Nilimwambia kwamba tangu Bwana anapoweka chaki chini jioni mpaka atakapokuja asubuhi kusahihisha, ubao wa Bwana usiguswe.

"Na mtu gani?" akauliza.

"Na mtu yeyote."

"Hata karani?"

"Hata malaika."

Tarishi alikwenda kuchukua mkeka wake na fimbo, akatandika chini ya ubao. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeusogelea.

Makosa yakarudi yote kwa pamoja, kama ndugu waliosikia kuna pilau. Bwana alipigwa na butwaa. Jumatatu alikuwa bingwa, Jumanne hajui lolote. Alidhani ni homa, akanywa kwinini. Nikatia nukta zangu, akaiva uso, akaingia ndani, na watu wakaanza tena kulipa. Shauri la bibi wa Vihingo lilisogezwa mbele, likasogezwa tena, kwa sababu Bwana alikuwa hana subira ya kumsikiliza mtu mwenye maneno mengi. Bibi hakunilaumu. Kila akipita ananiambia, "Soma, baba. Usome sana," na ningependa zaidi angenitukana.

Lakini nami nina haki ya kusema kilichokuwa kweli. Ubao ulipoachwa peke yake, Bwana alianza kujifunza. Kidogokidogo, kwa shida, kama mtu anayetoa miba mwilini mwake mwenyewe. Ilifika asubuhi moja akasimama, akausoma mstari wa tatu, akarudia, akasema "Ah," kwa sauti ya mtu aliyemkamata mwizi, akapiga mstari mwekundu mahali penyewe hasa na akaandika kitu sahihi. Pembeni ya ubao tulikuwa tumeacha nafasi ya kuandika makosa yanayomrudia, ili jioni ayakumbuke na asubuhi ayawinde, na siku ile alifuta moja kwa mkono wake. Nilimpa mkono. Nilifurahi kwa ajili yake, na sikutegemea kufurahi. Siku zilizofuata alikamata mengine mawili matatu. Nukta zangu zikapungua, ingawa hazikwisha, na mdomo wake ukabaki nyuma ya mkono kwa mwendo wa safari ya siku nzima.

Alikwenda Dar es Salaam kwenye mtihani. Mimi nilibaki Kisarawe nikihesabu makosa niliyojua atayafanya, nikiyapanga kwa ukubwa. Aliporudi alishuka kwenye gari akinipungia kofia.

"Mwalimu, mimi faulu."

Nilimwuliza ilikuwaje. Akanieleza kwamba mtahini alikuwa Bwana mzee, amekaa nchi hii tangu Waingereza waingie, na walizungumza vizuri sana, wakaelewana kila neno. "Yeye kusema Kiswahili yangu sawasawa kama yake kabisa," akasema. Nilimwamini. Wale walikuwa na Kiswahili chao, wanatahiniana wenyewe, wanapongezana wenyewe, na sisi tuliosumbuka juu ya ubao tulikuwa tunawaharibia lugha.

Furaha ya Bwana ilikuwa kubwa. Kesho yake alisikiliza shauri la bibi wa Vihingo, akampa shamba lake kabla shemeji mtu hajamaliza kuapa. Shamba lilikuwa lake kwa haki, hilo nalijua. Ila lilipatikana kwa sababu Bwana aliamka amefurahi, kama bibi alivyotaka tangu mwanzo.

Jioni hiyo Bwana aliniita barazani. Alisema hajasahau ahadi. Ataniandikia kwa wakubwa wa elimu, na ataandika kwa Kiswahili, kwa mkono wake, ili waone kwa macho yao mwanafunzi wangu amefika wapi. Nilimwambia Kiingereza kingetosha. Akakataa. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha utaratibu, ataandika kwanza ubaoni, alale, asubuhi asahihishe, kisha anakili kwenye karatasi na kutia muhuri. Reli iligongwa, tarishi akasema "Bwana, ubao," na safari hii Bwana alikwenda mbio.

Akaandika: "Mimi nasema mwalimu hii iko mzuri sana. Maneno yote mimi najua Kiswahili, yeye ndiyo kuleta. Makosa yote mimi naona, yeye ndiyo kuonyesha. Kama nyinyi taka kujua kazi yake, nyinyi tazama Kiswahili yangu." Iliendelea hivyo mpaka mstari wa mwisho, ambao nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kwa wiki nzima kabla ya mtihani, na uliokuwa safi kabisa: "Anastahili kupelekwa chuoni."

Alfajiri niliondoka na kipande cha chaki mfukoni. Sikuwa na haja ya kujidanganya, nilikuwa nakwenda kushona kanzu. Nilijua mwandiko wake kuliko karani. Tarishi alikuwa ameketi juu ya mkeka wake chini ya ubao, fimbo magotini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Simama hapohapo."

"Mzee, ni mimi."

"Nakuona."

"Nataka kurekebisha kitu kidogo. Ile amri niliitoa mimi mwenyewe."

"Ndiyo. Ulisema mtu yeyote."

"Sasa nasema basi. Nimeiondoa."

"Ulisema hata malaika," akasema. "Malaika naye angekuja, angesema hivyohivyo."

Nilibembeleza. Nilimweleza habari ya chuo, ya shule ya Kibaha na makuti yake. Alisikiliza yote bila kuhamisha fimbo. Watu wenye mashauri wakaanza kufika, wakakaa mahali pao, wakatazama. Karani akaja na kanzu yake safi, akausoma ubao kutoka juu mpaka chini, akanitazama mimi na chaki yangu.

"Pole, Mwalimu," akasema. "Kumbe leo ni kanzu yako."

Bwana akafika. Nilimwambia kwamba kabla hajanakili ningependa kutia nukta zangu, kama kawaida. Akanipiga bega. Nukta, akasema, ni za mwanafunzi, na yeye amefaulu. Akachukua chaki nyekundu, akausoma ubao kwa utulivu, mstari kwa mstari, kama nilivyomfundisha, kama kazi ya mtu mwingine asiyempenda. Akapita wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika wa mwisho akasimama. Akasema "Ah," ile sauti ya kumkamata mwizi. Akapiga mstari mwekundu chini ya "Anastahili kupelekwa chuoni," na juu yake akaandika, "Yeye iko stahili kwenda chuo."

Akanakili, akatia muhuri, akapeleka.

Jibu lilichukua muda kufika, na lilipofika lilikuwa limeandikwa kwa Kiswahili kizuri mno, na mtu aliyekijua. Lilisema kwamba ofisi imesoma kwa makini maandishi ya mwanafunzi wangu, na kwa kuwa mti hutazamwa matunda, haikuona njia ya kunipa nafasi chuoni kwa sasa. Ilinishauri niimarishe kwanza Kiswahili changu mwenyewe. Njia inayosaidia, ilisema, ni kuandika mistari michache kila siku na kuisahihisha siku ya pili yake.

Nililisoma nikiwa barazani. Bwana alikuwa amekwenda safari za wilayani, na mimi nilikuwa nimefunga mzigo kwenye baiskeli, narudi Kibaha kesho yake. Saa kumi reli iligongwa, maana hakuna aliyemwambia tarishi aache. Akaenda mpaka kwenye meza ya Bwana, akakuta kiti kitupu. Akageuka, akaja akasimama mbele yangu.

"Mwalimu," akasema, "ubao."

Sijui kwa nini niliinuka. Niliandika mistari kumi kwa hasira niliyokuwa nayo yote. Nilimwita Bwana mjinga, mtahini wake mjinga mkongwe, ofisi ya elimu nyumba ya vipofu, karani mnafiki wa kanzu nyeupe. Niliandika kwamba bibi wa Vihingo amepata shamba kwa gharama ya maisha yangu, na kwamba watu wa Kisarawe adabu yao itawaua. Nikaweka chaki chini, nikaenda zangu.

Asubuhi nilipita kuaga. Karani alikuwa anafuta mikono, na bibi wa Vihingo, aliyekuja kuchukua karatasi yake ya hukumu, amekaa karibu na kikapu cha mihogo aliyosema ni yangu, ya njiani. Ubaoni kulikuwa na mistari kumi kwa mwandiko wangu hasa.

"Mzee," nikamwambia tarishi, "si nilikwambia usiguswe?"

"Ulisema ubao wa Bwana," akajibu. "Jana haukuwa wa Bwana."

Nikausoma. Pale nilipoandika mjinga pameandikwa mgeni. Mtahini amekuwa mzee wetu. Ofisi ya elimu imeombewa nuru. Karani alikuwa amejiacha mnafiki, ila amefuta habari ya kanzu. Na mstari ule wa bibi ulisema kwamba shamba limepatikana, na Mwalimu hatasahauliwa kwenye korosho.

Chaki nyekundu ilikuwa palepale. Niliichukua, nikasoma kutoka juu mpaka chini, polepole, kama nilivyokuwa nikimfundisha mwenzangu. Nikatafuta kosa. Sikuliona hata moja.